Mkono Uliokosa Mwenyewe

Jumamosi iliyopita nusura nitolewe uwanjani kwa kosa la kufurahi. Timu yetu ni ya wazee, yaani huwezi kuichezea mpaka uwe umepita miaka 40 na magoti yako yawe na mambo ya kusimulia. Tunacheza alasiri, jua likishapungua ukali, kwenye uwanja wa mchanga hapa Mombasa. Mimi huingizwa dakika ya 80, wakati namba saba wetu anapotaka kukaa kitako anywe maji.

Siku hiyo kona ilipigwa, mimi nikiwa nimelipa lango mgongo, namtafuta mtu wa kumkaba. Mpira ukanigonga katikati ya mabega ukaingia wavuni. Bao ni bao. Kipa wetu alikimbia uwanja mzima kuja kunipongeza, mkono juu, kiganja wazi. Nami nikainua wangu, nikaushusha kwa nguvu zote za mtu ambaye hajafunga bao tangu kabla hajaoa.

Mkono wake ulipita kushoto, wangu ukapita kulia, na wangu haukusimama. Ulikwenda moja kwa moja hadi shavuni kwake, ukalia kofi lililosikika mpaka kwa muuza madafu.

Mwamuzi wetu ni mwalimu mstaafu, na kanuni za soka anazijua kama wengine wanavyojua Fatiha. Alinikabili mkono mfukoni, akanieleza kwa utulivu kwamba sheria ya 12 haichagui: ukimpiga mwenzako wa timu kwa makusudi ni kadi nyekundu, sawasawa na ukimpiga mpinzani. Ikabidi kipa mwenyewe, shavu limeanza kuumuka, anitolee ushahidi. "Refa, huyu alikuwa ananipa tano. Hajui tu." Hilo la "hajui tu" liliniuma kuliko kadi. Nikamwendea kumkumbatia nimwombe radhi. Yeye akaelekeza kichwa upande wake wa kulia, mimi wangu wa kushoto, na tukielekeana hivyo upande huo ni mmoja. Pua yangu ikatua palepale penye uvimbe.

Nyumbani nilimsimulia binti yangu, anayecheza mpira wa kikapu shuleni. Hakucheka, na nadhani hapo ndipo nilipojua jambo ni zito. "Baba, wewe huwa unatazama wapi?" Nikamwambia natazama mkono, nitazame wapi tena? "Ndiyo maana. Tazama kiwiko."

Tukasimama jikoni tukajaribu. Kiganja cha mtu anayekujia mbio hakitulii. Kinayumba, kinajipinda, na yeye naye anakifuata chako kwa macho huku wewe unafuata chake, kila mmoja anamrekebishia mwenziwe mpaka mnapishana. Kiwiko hakina papara hizo. Kinakwenda polepole, na kutoka hapo hadi kiganjani urefu ni uleule, kwa hiyo ukikikazia macho, mkono wako unajipeleka wenyewe mahali panapostahili. Tuligonga mara kumi, mara kumi zikalia. Ya kumi na moja nilitupia jicho sufuria ya maziwa yaliyokuwa yanataka kufurika, nikaipiga hewa.

Kinachonitia wivu ni kwamba watu wawili wanaotajwa kuwa wa kwanza kabisa kupeana tano ya juu walipatia bila mazoezi, bila kiwiko, bila binti wa kuwafundisha. Ilikuwa tarehe 2 Oktoba 1977 mjini Los Angeles, siku ya mwisho ya msimu wa kawaida wa besiboli. Katika timu ya Dodgers, wachezaji watatu walikuwa wameshapiga mipira 30 kila mmoja ikavuka ukuta msimu ule. Wa nne, Dusty Baker, alikuwa na 29, na hakuna timu iliyowahi kuwa na wanne. Aliyemrushia mpira ni J.R. Richard wa Houston, jitu la zaidi ya mita mbili. Baker akaupiga ukatoka. Aliporudi baada ya kuzunguka vituo vyote, alimkuta Glenn Burke, kijana wa miaka 24 aliyekuwa akingoja zamu yake, ameinua mkono juu kabisa huku amejipinda kwa nyuma. Baker baadaye alieleza kwamba hakujua afanye nini na mkono ule, basi akaupiga.

Hapo mambo yangeweza kuishia. Mkono umeinuliwa, umepigwa, kila mtu ashike njia yake. Lakini Burke alikwenda kushika gongo, naye akautoa mpira nje ya uwanja, pigo lake la kwanza la namna hiyo katika ligi kuu, na aliporudi Baker akamrudishia tano yake. Mimi naona tano ilizaliwa hapo, mara ile ya pili. Ile ya kwanza ilikuwa ajali tu. Ya pili ndiyo iliyowaambia wenzao kwamba hiki sasa ni kitu, na ukirudi na ushindi unadai chako.

Burke mwenyewe hakufaidi sana. Alikuwa mpenzi wa jinsia moja, wakubwa wa timu wakajua, na mwaka 1978 akauzwa Oakland. Kufikia miaka 27 alikuwa ameachana na ligi kuu. Alihamia kwa watu wake katika mtaa wa Castro, San Francisco, na huko akawa anawasalimia kwa tano ileile mpaka mtaa ukaifanya yake. Alifariki mwaka 1995.

Wapo wanaobisha. Watu wa Chuo Kikuu cha Louisville wanasema tano ilianza kwao, katika mazoezi ya mpira wa kikapu ya msimu wa 1978 na 1979. Wiley Brown alimnyoshea Derek Smith kiganja cha chini, kama Wamarekani weusi walivyokuwa wakipeana kwa miaka mingi, na Smith akakataa, akataka cha juu. Ukiwatazama unamwelewa. Watu warefu kama minazi, wainame ya nini? Walichukua ubingwa wa vyuo mwaka 1980, na televisheni ikamwonyesha kila mtu mikono yao. Na wako vijana wawili waliotunga kisa chao cha tatu, chenye mchezaji wa kweli na vita vya Vietnam ndani yake, magazeti yakakimeza, kisha wakakiri wenyewe kuwa ni uzushi. Hao ningependa kupeana nao tano, kama wana bima.

Kiganja cha chini hatukuhitaji kuletewa na mtu. Keti barazani, mtu atoe mzaha uliokolea, utaona anakunyoshea kiganja na kusema "Lete tano!" nawe unakipiga huku unainama kwa kicheko. Hicho hakikoseki, kwa sababu kimetulia kama sahani. Shida ilianza mkono ulipopanda juu, na ikazidi vidole vilipofungwa.

Maana sasa kuna gota. Dunia nzima iliitazama gota usiku wa tarehe 3 Juni 2008, Barack na Michelle Obama walipogonganisha ngumi jukwaani mjini St. Paul, na siku zilizofuata watangazaji wazima wa Marekani wakajadili maana yake kama walioona kimondo. Vijana wa matatu waliwashangaa. Lakini hata mbinu ya kiwiko haikuokoi na gota. Kiwiko kitakuambia mkono utatua wapi, hakikuambii utafika umefumbwa au umefumbuliwa. Ndiyo maana namba saba wetu huja na ngumi, mimi naja na kiganja, tunatengeneza kinu na mchi. Mara ya pili tunabadilishana kwa adabu: yeye analeta kiganja, mimi ngumi. Mara ya tatu tunaambiana tu, "Umecheza vizuri."

Gota ilipata heshima yake mwaka 2020, corona ilipofanya mkono wa mtu uwe kama waya wa umeme uliochubuka. Kila mtu alitafuta mbadala. Machi mwaka ule, Rais Magufuli na Maalim Seif walisalimiana kwa miguu Ikulu ya Dar es Salaam, picha ikazunguka, na kwa wiki mbili mtaani kwetu watu wazima walikuwa wakipigana vikumbo vya vifundo. Mimi nilishikilia gota, na nilikuwa na hoja. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth, Wales, walichovya glavu katika maji yenye bakteria, wakaiacha ikauke, kisha wakasalimiana kwa glavu hiyo na nyingine safi ili wapime kilichohama. Tano ilihamisha takriban nusu ya kile kilichohamishwa na salamu ya kupeana mikono. Gota ilihamisha kama sehemu moja tu ya kumi. Sababu ni rahisi: ngozi inayogusana ni ndogo, na mgusano wenyewe ni wa kupepesa jicho.

Nikiwa na elimu hiyo kichwani, Ijumaa moja baada ya swala nilikwenda kumsalimia baba mkwe. Kwa kawaida mimi huushika mkono wake na kuubusu. Siku hiyo nilisema, "Shikamoo, baba," nikasimama kwa mbali kidogo, nikamnyoshea ngumi.

Aliitazama. Akanitazama mimi. Akaitazama tena ngumi. Kisha uso ukamtulia kama aliyeelewa, akakunja kiganja chake mithili ya kikombe, akakiweka chini ya ngumi yangu na kungoja.

Nilichelewa kufahamu. Kwetu mtu mwenye haya akikusaidia hakupi pesa wazi watu wakaona, hukuletea zimefumbatwa. Mzee alidhani nimemletea kitu. Akageuza uso pembeni kwa heshima, asinione nikitoa. Ngumi yangu ilikuwa tupu. Niliiacha palepale hewani, nikapeleka mkono wa kushoto mfuko wa nyuma, nikapapasa, nikapata noti ya shilingi 1,000, nikaipitisha chini kwa chini mpaka ikamwangukia kiganjani.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Ijumaa iliyofuata nilikusudia kurudia desturi ya kubusu mkono. Lakini nilipotokeza tu, kiganja kilikuwa kimeshatangulia kutoka, kimekunjwa kikombe, na pembeni ameketi rafiki yake, mzee mwenzake, anayetazama kwa makini. Ningefanya nini? Nilinyosha ngumi. Safari hii ilikuwa na noti ndani.

Corona imepita, vitakasa mikono vimekauka chupani, na gota imebaki kwa baba mkwe. Juzi muuza kahawa alinisimamisha njiani kunieleza kwamba wazee wa pale barazani wameanza kuwafundisha wakwe zao salamu mpya, na kila mmoja akiulizwa imetoka wapi ananitaja mimi.