Mbezi Ipi, Dada?

Kuna watu wanaoamini kwamba Mbezi ni moja. Imani hiyo naigharamia mimi, kila asubuhi, kwa mgongo wangu.

Kupanga vifurushi hapa Dar es Salaam kuna hatua mbili. Ya kwanza ni wilaya: mzigo unamwagwa mezani, unasoma anwani, unarusha (samahani, unaweka taratibu) kwenye kapu la Ilala, Temeke, Kigamboni, Kinondoni au Ubungo. Mtu akiandika postikodi, sina hata haja ya kusoma mtaa: ikianza na 14 ni Kinondoni, 16 ni Ubungo. Lakini nani anaandika? Wanaandika: “Mbezi, karibu na duka la Mangi.” Haya, Mbezi Beach iko Kinondoni, huko Barabara ya Bagamoyo. Mbezi Mwisho iko Ubungo, Barabara ya Morogoro. Na Mangi wapo kote kote.

Kapu likikosewa hapo, kifurushi kinatembezwa kutwa nzima kwenye gari la watu wengine, jioni kinarudi mezani kwangu. Kwa hiyo kila “Mbezi” tupu naiweka pembeni, nashika simu.

“Dada, Mbezi ipi?”

“Jamani kaka, Mbezi si Mbezi tu!”

“Ukitoka mjini unapanda gari za wapi?”

“Za Kibamba.”

Basi. Ubungo hiyo.

Hatua ya pili ndiyo inayotuzeesha. Kapu la Ubungo linapangwa upya kwa kufuata njia ya gari: Manzese, Ubungo, Kimara, Mbezi Mwisho, mwisho kabisa Kibamba. Kupakia ni kinyume chake. Vya Kibamba vinaingia kwanza, ndani kabisa. Vya Manzese vinakaa mlangoni. Wakubwa wanasema ni kazi rahisi. Hawajawahi kupakia siku ambayo mteja wa Kibamba kaagiza seti ya glasi na wa Manzese kaagiza vyuma vya kunyanyulia. Ukifuata njia tu, vyuma vinalala juu ya glasi, na Kibamba tutapeleka chenga.

Ndiyo maana kila kifurushi nakiandikia namba ya kituo kwa maka peni, upande utakaomtazama dereva akifungua mlango. Vizito vinabaki sakafuni, vya kuvunjika vinapanda juu, na hata vikipishana kidogo, namba zinamwambia dereva kipi kinafuata. Nikikuta namba ya Kibamba imekaa mlangoni, najua kuna mtu kapakia kwa haraka, nashusha vyote.

Juzi nimemaliza, mlango umefungwa, jasho linanitoka. Dereva akaja na chai yake mkononi. Kasikia Manzese kuna foleni, kwa hiyo ataizunguka, aanzie Kibamba.

Akafungua mlango, akachungulia, akaniuliza, “Sasa bwana, vya Kibamba mbona umevifukia huko ndani?”