Tabasamu Linaniponza

Jamani, mimi hata Kariakoo hupigwa bei mchana kweupe. Sasa shemeji anafuata nguo Istanbul, kule Laleli, akanichukua nikambebee mizigo. Mama watoto naye kaagiza mdila wa shaba. Nikatia mguu Kapalıçarşı, soko la tangu enzi za masultani, lenye paa na vichochoro zaidi ya 60. Nilianza kwenda Jumapili. Jumapili wanafunga. Nani angeniambia?

Kesho yake shemeji kaninong'oneza: usianze na bei, anza na “kolay gelsin”, yaani kazi iwe nyepesi. Nikasema. Mzee wa dukani kaweka simu chini, meno yote nje: “Hoş geldiniz, abi!” Abi ni kaka mkubwa. Mzee mwenyewe ndevu nyeupe! Ningejua nisingeacha kupaka piko. Karibu hiyo hujibiwa “hoş bulduk”. Mimi nikajibu “asante”.

Nikauliza bei ya mdila, “Ne kadar?” Lira 900. Nikataka kupiga kelele “çok pahalı”, ghali mno, shemeji kanifinya. Hiyo inanunisha, eti ni kama umetukana mali ya mtu. Sema “biraz indirim olur mu, abi?”, utapunguza kidogo, kaka? Mzee kashika kifua: “Kurtarmaz, abi.” Haimlipi. Lakini anacheka, na chai imeshaletwa kwenye kile kigilasi chenye kiuno. Chai hiyo ni ya bure, haikufungi kununua. Mimi nikajiona nina deni la ukoo.

“Son fiyat ne olur?” Bei ya mwisho? Kikokotoo kikasoma 800. Nikajikakamua kutaja 600, ambayo ni “altı yüz”. Mdomo ukatoa “altmış”. Hiyo ni 60! Mzee kacheka mpaka kaita majirani waje kumwona kaka mkubwa. Wakaja. Nikarudia mbele ya hadhara, safari hii kwa vidole.

Tukakwama kwenye 700. Hapo unatakiwa useme “bir düşüneyim”, ngoja nifikirie, uondoke taratibu bila ugomvi, akitaka biashara atakuita. Nikasema, nikabaki nimekaa. Chai ilikuwa haijaisha! Nani atashusha bei kwa mtu aliyeng'ang'ania kigoda? Nikalipa 700. Kapokea na “bereket versin”, yaani iwe na baraka, nikaaga “hayırlı işler”, biashara njema, tukaachana kama mtu na mkwewe.

Basi jirani, ukienda, namba zifanyie mazoezi huku huku nyumbani. Na usitaje bei ambayo huna nia ya kuilipa. Akishasema “tamam”, sawa, halafu ukakataa, hakuna neno la Kituruki litakalolirudisha lile tabasamu.