Marehemu na Vimoto Vitatu

Tuseme wakili ana ofisi Nyakoe, juu ya duka la mbolea, na kijana wake wa mitandao ameandika tangazo: “Baba ameaga bila wosia? 😂😂 Tunamaliza mirathi 🔥🔥🔥 Karibu 💃”. Kijana anadai ile sura inalia. Inalia kweli, kwa kicheko, na wajane wameiona.

Vimoto navyo vinasema nini? Kwamba shamba limeungua? Mteja asiyeona, ambaye simu humsomea maandishi kwa sauti, atatajiwa alama moja moja: moto, moto, moto. Hapo bado hajasikia namba ya ofisi.

Kanuni za mwaka 2014 kuhusu matangazo ya mawakili wa Kenya zinadai heshima ya taaluma. Mcheza densi huyu sijui ataingilia mlango gani. Mimi ningeandika hivi:

“Mirathi: njoo na cheti cha kifo na barua ya chifu. Tangazo likishatoka katika Gazeti la Serikali, mwenye pingamizi hupewa siku 30 kulileta. 📍 Nyakoe”

Alama moja tu, mwisho, nayo inaonyesha ofisi ilipo. Ukiifuta, hakuna neno lililopotea. Hicho ndicho kipimo changu.

Kliniki ya jirani nayo isicheke. “Pima kisonono 🎉”? Mgonjwa atakayebonyeza kupenda tangazo hilo, huku shemeji zake wote wakiona, bado hajazaliwa Kisii.