Kibali cha Marehemu

Mtu akitaka kubadilisha barua pepe anayoingilia kwenye akaunti yake, mara nyingi sababu ni moja: ile ya zamani haimfai tena. Amehama kazi, amemaliza chuo, au kampuni iliyompa anwani imefunga milango. Sijamwona bado mtu aliyeamka Jumamosi, akanywa chai, akasema leo ngoja nijiburudishe kwa kubadilisha barua pepe ya kingamuzi. Lakini waliotengeneza tovuti hizi habari hiyo haijawafikia. Ukishajaza anwani mpya, wanaiandikia ya zamani kuiomba ruhusa. Ni sawa na msajili wa vifo anayekataa kuandika cheti mpaka marehemu mwenyewe aje atie sahihi.

Yaliyonikuta mimi yalianzia hapohapo kwenye kingamuzi. Akaunti niliifungua nikiwa mwajiriwa, kwa anwani ya ofisi, maana enzi hizo anwani ya ofisi ilikuwa na heshima zake. Kazi nikaacha, kingamuzi nikaendelea kulipia, na stakabadhi zikaendelea kwenda ofisini kana kwamba bado naripoti saa mbili asubuhi. Nikaona yatosha, zije kwangu.

Nikaingia kwenye Mipangilio, nikafungua Akaunti, nikagusa alama ya penseli iliyo kando ya barua pepe, nikaandika anwani mpya. Tovuti ikaniuliza neno la siri. Nikalitoa. Ikatuma tarakimu sita kwenye simu yangu. Nikaziandika kabla hazijaisha muda. Hapo mtu mzima unaamini umeshajitambulisha vya kutosha: neno la siri ninalo, simu ninayo, na kingamuzi chenyewe kiko chini ya televisheni kikiwa na vumbi la nyumba yangu. Ukatokea ujumbe: tumetuma kiungo cha uthibitisho kwenye barua pepe yako ya sasa, kibofye ndani ya saa 24. Na hiyo "ya sasa" ilikuwa herufi ya kwanza ya jina langu, nyota kibao, halafu jina la ofisi iliyokwisha kuniaga kwa keki na hotuba.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada aliyepokea alikuwa na sauti ya kubembeleza watoto.

"Ndugu mteja, kwa usalama wa akaunti yako, kiungo kinatumwa kwenye barua pepe iliyosajiliwa."

"Dada yangu, hiyo iliyosajiliwa ndiyo ninayoihama. Siwezi tena kuifungua."

"Nimekuelewa, ndugu mteja. Basi badilisha kwanza barua pepe iliyosajiliwa, halafu viungo vyote vitakuja kwenye mpya."

"Na kiungo cha kuibadilisha kinakwenda wapi?"

"Kwenye iliyosajiliwa."

Akaniuliza kama kuna jambo lingine lolote angeweza kunisaidia. Hilo "lingine" likaniuma kuliko yote.

Haki yao nitawapa, maana kanuni hii haikuzuka tu. Tuseme umeingia kwenye akaunti yako kwenye kompyuta ya stesheneri, umechapisha ulichotaka, umelipa, umeondoka, na akaunti umeiacha wazi. Anayekaa baada yako neno lako la siri halijui, na wala halihitaji. Akiweza kuweka barua pepe yake mahali pa yako, atabonyeza "Umesahau neno la siri?", kiungo cha kuweka jipya kitamwendea yeye, na kuanzia dakika hiyo wewe ndiye mgeni kwenye akaunti yako. Anayeshika barua pepe ameshika kila kitu. Ndiyo maana anwani ya zamani huulizwa: ni njia ya kumfikia mwenye mali kabla mwizi hajamaliza kazi.

Sawa. Lakini hata walinzi wenyewe hawasemi iulizwe kila mara kwa namna moja. OWASP, jumuiya ya kimataifa inayoandika miongozo ya usalama wa programu za mtandaoni, imeyatenganisha mambo mawili. Kama mteja anajitambulisha kwa neno la siri peke yake, anwani zote mbili, ya zamani na mpya, zithibitishe. Kama ana pia njia ya pili ya kujitambulisha, kama zile tarakimu za simuni, basi kiungo cha kuthibitisha kiende kwenye anwani mpya, na ya zamani ipewe taarifa tu. Tarakimu mimi nilishazitoa! Walizitaka za nini, kama baada ya hapo wanamfuata marehemu?

Msimamo wangu ni kwamba anwani ya zamani ipewe uwezo wa kuzuia, isipewe uwezo wa kuruhusu. Iandikiwe hivi: kuna mtu anahamisha akaunti yako, kama si wewe bofya hapa, una siku kadhaa. Kama anwani iko hai na mwenyewe anaibiwa, atapiga kelele na mambo yatarudishwa. Kama imekufa, haitasema kitu, na ukimya wake hautamzuia mtu kutazama mpira. Hotuba hii niliitoa sebuleni kwa sauti kubwa. Mke wangu akaniambia ninamzibia taarifa ya habari.

Kwa kukosa pa kushika nikampigia kijana wa TEHAMA wa ofisi ya zamani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hivi ile imeili yangu mliifuta?"

"Mzee, hilo unaweza kulijua mwenyewe. Itumie barua kutoka kwenye anwani yako nyingine, kisha usubiri."

Akanieleza kwamba anwani ikiwa imefutwa kabisa, kwa kawaida barua hukurudia baada ya dakika chache ikiwa na maneno ya Kiingereza na namba `550 5.1.1`, yaani seva inasema hapa hatuna mtu wa jina hilo. Nikamuuliza kwa nini basi tovuti isirudishiwe namba hiyo ikajua kwamba inapiga hodi kaburini. Akacheka. Barua hizo, alisema, mara nyingi hutumwa kwa jina la `noreply`, na kinachorudi huko huwa hakisomwi na mtu. Ndiyo maana skrini hukuambia kwa kujiamini "tumetuma". Haidanganyi, imetuma kweli. Kama imefika, hilo hailiulizi.

Nikatuma barua. Nikasubiri irudi na namba zake. Haikurudi. Nikampigia tena.

"Basi iko hai, mzee. Kuna mtu anazipata. Ukiondoka, barua zako tunazielekeza kwa aliyechukua kiti chako ili wateja wasipotee. Hata mimi siwezi kukufungulia bila idhini ya bosi. Ungebadilisha vitu vyako vyote siku ya kukabidhi ofisi, ukiwa bado una ufunguo."

Siku ya kukabidhi ofisi! Siku hiyo mtu anatafuta karatasi ya kudai nauli zake, anagombania kikombe chake cha chai, anapigwa picha na watu waliokuwa hawamsalimu. Anakaa saa ngapi kupekua barua za miaka yote akitafuta maneno "karibu" na "thibitisha akaunti yako"?

Lakini maneno ya kijana yalinifumbua jambo. Kwenye kikao kimoja cha harusi, dada aliyerithi meza yangu alinisogelea akanishika bega kwa huruma. "Kaka, nimeona mwezi huu mmeshuka kifurushi," alisema. "Usijali, mambo yatakaa sawa." Nilidhani mke wangu ametoa siri za nyumba. Kumbe stakabadhi zangu zote zinatua kwake. Anajua mwezi tuliopanda, anajua mwezi tuliolala giza, anajua kwamba siku ya Simba na Yanga nililipia dakika chache kabla mpira haujaanza.

Na hilo la stakabadhi ni dogo. Kanuni iliyowekwa kunilinda na mwizi ilikuwa imenikabidhi kwa dada huyu mzimamzima. Angetaka, angebonyeza "Umesahau neno la siri?" na akaanza kutuchagulia vipindi. Si jambo geni duniani. Mwaka 2013 Yahoo waliamua kuwagawia watu wapya majina ya barua pepe ambayo wenyewe hawakuyatumia kwa miezi 12 au zaidi. Waliopewa wakajikuta wanapokea barua za watu wasiowajua, za siri zikiwemo. Ili kupunguza hatari, ukatungwa mstari wa kuwekwa kichwani mwa barua, `Require-Recipient-Valid-Since`, ukifuatwa na tarehe, ambao maana yake ni: mpe huyu ikiwa tu anwani hii imekuwa yake tangu siku hiyo. Mwaka 2014 ukachapishwa rasmi kuwa RFC 7293. Wataalamu walishakubali, basi, kwamba anwani huhama mikono. Kingamuzi changu ndicho hakijakubali.

Nikamwandikia dada yule, kwa unyenyekevu wote. Akajibu kesho yake kwamba kiungo amekiona, amekibofya, na kimemwambia muda umekwisha. Nikaomba kipya. Akakibofya mapema, kikamtaka aingie kwanza kwenye akaunti kwa neno la siri.

"Kaka, nitumie basi hilo neno la siri."

"Hapana, dada yangu. Usikibofye. Nitumie hiyo barua kama ilivyo."

Hapo ndipo ikafanikiwa. Akanitumia barua, nikakinakili kiungo chote bila kuacha herufi ya mkiani, nikakibandika kwenye kivinjari kilekile nilichokuwa nimeingilia. Tovuti ikaridhika. Kisha ikatuma kiungo cha pili kwenye anwani mpya, hicho nikakibofya mwenyewe, na barua pepe ikabadilika. Nikawaita watoto waje kushuhudia. Hawakuja.

Jioni dada akanipigia. Alikuwa amepokea barua nyingine, akanisomea polepole: barua pepe ya akaunti yako imebadilishwa, kama si wewe uliyefanya hivyo, bofya hapa ndani ya siku saba, tutairudisha ilivyokuwa. Ndicho kilekile nilichokuwa nikikidai sebuleni: taarifa kwa anwani ya zamani, yenye uwezo wa kuzuia. Na imetua mikononi mwake, kwa sababu hakuna kanuni inayojua kwamba sanduku la mtu linasomwa na mwingine.

"Sitabofya, kaka," akasema. "Ila mimi ndiye mweka hazina wa ile harusi, na ahadi yako naona bado haijaingia. Siku saba si nyingi."

Nimelipa.