Bobini Yashtakiwa Bure

Bwana Mshauri, mimi hushona magauni ya skuli. Tangu Jumatatu cherehani yangu yafanya chini ya kitambaa fungu la uzi mfano wa kiota cha ndege, ilhali juu mshono umenyooka. Nimebadilisha bobini, nimekaza parafujo yake hata imegoma, na mamamkwe asema chombo kimehusudiwa. Nifanye nini?
— Mwenye Fundo, Pangani

Bi Mwenye Fundo, suala la husuda naliakhirisha, kwa kuwa sijapata kuona jicho baya lichagualo upande mmoja wa kitambaa. Tia uzi mwekundu juu na mweupe katika bobini, ushone kidogo, kisha ukipindue kitambaa ulitazame fundo lako: aghalabu utalikuta jekundu, na hapo itadhihirika ya kuwa bobini, uliyoiadhibu wiki nzima, haikuwa na hatia. Kila sindano ishukapo, uzi wa juu huvutwa chini ukaizunguka bobini, na mkono upandao na kushuka mbele ya cherehani ndio uurudishao juu. Lakini madhali uzi huo haukubanwa na vile visahani viwili vya kukazia, hutoka mwingi kuliko haja, mkono usiweze kuurudisha wote, na ziada ikabaki chini ikisokotana. Kwa hivyo ugonjwa wa chini dawa yake huwa juu.

Na sababu iliyo kuu kuliko zote ni hii, ya kuwa mshoni hutunga uzi hali mguu wa cherehani umeshushwa. Visahani hivyo hufunguka mguu uinuliwapo, na hufumba ushushwapo. Basi uzi upitishwao vikiwa vimefumba hukaa ukingoni tu, usiingie kati. Uondoe uzi wote, uinue mguu, utunge upya tangu kijiti chake, wala usiusahau ule mkono upandao. Kabla ya kuutia katika tundu la sindano uujaribu: mguu ukiwa juu, uzi uvutike bila taabu, uushushe, nao ukatae. Usipoona tofauti yoyote, upitishe ukingo wa kitambaa kati ya visahani, mguu ukiwa juu, utoe vumbi la pamba lililojificha humo.

Yabaki kuirekebisha dhuluma uliyoifanyia bobini. Ikiwa nyumba yake ni ya kutoka, ining'inize kwa uzi wake: isianguke yenyewe, illa ukiutikisa mkono kidogo ishuke kidogo na kusimama. Kwa kuwa uliikaza mno, itagoma kushuka. Legeza parafujo robo ya mzunguko, ujaribu tena, na hata robo hiyo wakati mwingine ni nyingi. Hapo ndipo urudi kwenye kikazio cha juu, ukipandisha au kushusha namba moja moja juu ya kipande cha nguo ile ile kilichokunjwa mara mbili. Nyekundu ikichungulia chini, kaza juu; nyeupe ikichungulia juu, legeza; zikikutana ndani ya kitambaa zisionekane upande wowote, mikono mbali na parafujo.

Kiota kitokeacho mwanzo wa mshono tu ni jambo jingine, na ni la adabu: uzishike ncha zote mbili nyuma ya mguu hata ipite mishono michache.

Bwana Mshauri, yangu haifanyi viota, bali yaruka mishono kwenye khaki. Nimekaza uzi, bado.
— Mruka Mawimbi, Lamu

Ndugu yangu, kukaza hakukuwa na faida, kwani mshono huruka pale ndoana ipitapo nyuma ya sindano bila kukuta kitanzi cha uzi. Sindano iliyopinda, butu, au isiyosukumwa hadi mwisho wa tundu lake haifanyi kitanzi mahali ndoana ikitazamiapo. Uilaze juu ya kioo kwa upande wake bapa: nafasi iliyo chini yake ikiwa si sawa hadi nchani, uitupe bighairi huruma. Utiapo mpya, mfereji mrefu uelekee upande uzi uingiapo. Khaki yataka namba 16, na 14 uiwekee kitambaa cha pamba cha kawaida. Kama hata hivyo yaruka, huenda ndoana na sindano zimeachana wakati, na kazi hiyo ni ya fundi, si ya bisibisi yako.

Bwana Mshauri, yangu yaruka mishono vile vile, na mume wangu asema tununue cherehani mpya. Waonaje?
— Mashakani, Tanga

Mwambie anunue sindano kwanza, na fedha iliyobaki uiweke wewe.