Mzee wa Posa na Sekunde 30

Mtu akitaka shati huenda kwa fundi na kitambaa, naye huelewa kwamba mita moja haitoi suti ya vipande vitatu. Akitaka tangazo la redio, ufahamu huo huuacha nyumbani. Mteja wangu ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Malindi, na anauza rangi ya kuzuia kutu. Jina la rangi sitalitaja. Tuiite Fulani, maana alinilipa kuitangaza mara moja tu, tena hajamaliza.

Alikuja na karatasi. Alitaka watu wawili wanaozungumza, vichekesho, jina la duka mara tano, matawi ya Watamu, Kilifi na Mtwapa, rangi zote zilizoko kwenye rafu, ofa ya mwezi, namba mbili za simu, na salamu za Idi. Yote yaingie katika sekunde 30, kwa sababu ndizo alizolipia kituoni. Halafu akaongeza maneno yanayonipandisha presha kila mwaka: "Wewe si mwandishi? Sekunde 30 zitakuchukua muda gani?"

Mazungumzo alikuwa ameyaanza mwenyewe, ili kunirahisishia kazi. Mama mmoja anakutana na mwenzake. Salaam aleikum. Waaleikum salaam. Hujambo shoga? Sijambo, wajionaje? Watu wa nyumbani? Wote wazima, na watoto? Mbona leo huna raha? Kwa kweli shoga yangu, nina tatizo la kutu. Nilimsomea kwa sauti, saa mkononi. Kutu ilifika sekunde ya 14. Tangazo lilikuwa limekwisha karibu nusu, na msikilizaji alichojua ni kwamba watoto wa jirani hawajambo.

Simlaumu sana. Pwani hii huwezi kumvamia mtu na shida yako bila kumjulia hali, hata kama nyumba inaungua. Hayati Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown kule Mombasa, alianza "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966, na yeye alikuwa na kipindi kizima cha kutufundisha adabu. Mimi nina nusu dakika. Basi nikatafuta salamu ambayo tayari ina kisa ndani yake, nikaipata mlangoni: hodi. Neno hilo moja humwambia msikilizaji kwamba kuna nyumba, kuna mgeni anayeingia, na kuna mwenyeji atakayejibu. Hakuna anayeweza kulalamika kwamba wahusika wangu hawana adabu, na nimetumia sekunde moja.

Baada ya hapo ni hesabu, na hesabu yenyewe si ya maneno. Wanaojifunza kazi hii kwenye vitabu vya Kizungu huambiwa sekunde 30 ni maneno 75 hivi. Jaribu na Kiswahili uone. Nimekununulia ni neno moja, lakini mdomo unapiga hatua saba. Kwa hiyo mimi huhesabu silabi, kwa vidole, huku wake za majirani wakidhani nasoma uradi. Mtu anayezungumza kwa kawaida hutoa silabi sita hivi kwa sekunde. Sita mara 30 ni 180, na hapo ndipo mteja huchangamka. Ngoja kwanza. Mlango unataka sekunde tatu za kulia. Kila mmoja akinyamaza ili mwenzake ajibu, nusu sekunde imekwenda, na wakijibizana mara nane au tisa ni kama sekunde nne na ushei. Zinazobaki ni silabi 130 kwa taabu. Namba moja ya simu ina tarakimu kumi, ukianza na sufuri. Hizo ni silabi 20 na zaidi, na ukitaka mtu apate kuiandika lazima isomwe polepole. Namba mbili, kama alivyotaka bwana huyu, zingekula theluthi moja ya tangazo kabla hatujasema kutu ni nini.

Kuhusu kutu, mkaaji wa Malindi hahitaji somo. Upepo unatoka baharini na chumvi yake, chumvi inavuta unyevu, na geti ulilochomelesha juzi linaanza kuvimba rangi pembeni kama muwa uliooza. Ninachohitaji ni kumfanya mtu aone bila macho, kwa sababu redio haina macho. Hapa ndipo matangazo mengi yanapoharibika. Mhusika mmoja atasema: "Lo, naona geti lako lina kutu nyingi nyekundu!" Nani huongea hivyo? Anaongea na mwenye geti, ambaye analiona kila siku. Ukisikia mhusika anamweleza mwenzake jambo wanalolijua wote wawili, jua mwandishi ameshindwa.

Suluhisho langu lilikuwa kanzu. Kanzu ni nyeupe, haina haja ya kuelezwa, na anayeivaa ana mahali pa heshima anapokwenda. Nikamleta mzee wa posa. Huyu hana nafasi ya kurudi nyumbani kubadilisha, na mama wa binti hana nafasi ya kujificha. Haya, soma:

Mlango wa geti unalia, kriiii.
MZEE: Hodi hapa!
MAMA: Karibu, ami. Usilishike geti!
MZEE: Lo! Kanzu yangu!
MAMA: Kutu hiyo.
MZEE: Nimekuja kuposa, nirudi na mgongo mwekundu?
MAMA: Nilimwambia baba yake, paka Fulani, rangi ya kuzuia kutu.
MZEE: Akasemaje?
MAMA: Akasema baada ya posa.
MZEE: Basi na posa baada ya Fulani!
MTANGAZAJI: Fulani, rangi ya kuzuia kutu. Sugua, paka mara mbili. Ipo Malindi, nyuma ya soko.

Silabi 123. Ukiweka mlango na pumzi inafika 28, na hizo sekunde mbili zilizobaki usiziguse, kwa sababu waigizaji wakishaizoea hadithi huanza kuvuta maneno. Tangazo la sekunde 33 kituo hukurudishia, au hukutoza la muda mrefu zaidi, au, ukipata fundi mvivu, hulikata mkia. Na mkiani ndipo kilipo kile kipande kinachomwambia mtu duka liko wapi.

Angalia kutu imetokea wapi. Haijafika sekunde ya nane na mtu keshachafuka. Rangi inatajwa kabla ya tangazo kufika kati, tena inatajwa na mama aliyeudhika na mumewe. Hilo ndilo jambo ninalolipigania kuliko yote. Bidhaa ikiletwa na mtu wa tatu anayetokea ghafla na kusema "Je, wajua?", msikilizaji wa tuktuk anajua biashara imeanza, anarudi kwenye mazungumzo yake. Ikiwa ndani ya ugomvi wa mke na mume, atangoja ajue mume alijibu nini. Na kichekesho chenyewe nimekifungia kwenye jina la rangi makusudi. Kuna matangazo ambayo watu huyasimulia barazani wakicheka mpaka machozi, ukiwauliza yalikuwa ya nini, wanatazamana. Hapa ukitaka kusimulia mchezo wa mzee wa posa huwezi kuumaliza bila kusema Fulani.

Mteja akasoma, akacheka, kisha akaanza kazi ya kuniharibia. La kwanza: geti lilie mwanzo, na mwisho lifunguke kimya, watu wajue rangi inafanya kazi. Nikamwuliza, kwani anauza grisi? Geti hulia kwenye bawaba. Ukilipaka makopo kumi ya rangi ya kuzuia kutu litaendelea kulia vilevile, na kesho yake mama wa Maweni atakurudishia kopo akudai pesa zake, na haki atakuwa nayo. Mlio ule nimeuweka ili sikio lijue hapa pana chuma, tena chuma kilichozeeka. Rangi haijaahidi kuunyamazisha. Na "sugua" pia hataki, anasema inatisha wateja kwa kazi. Lakini ukipaka rangi juu ya kutu inayobanduka, itabanduka nayo, na lawama zitamfika yeye na tangazo langu. Sugua ni silabi tatu. Zimebaki.

La pili: aongezwe bwana harusi, na shekhe, na kama inawezekana mbuzi. Mbuzi ningemkubalia, maana sauti yake haifanani na ya mtu yeyote. Lakini mtu wa tatu, hapana. Redio inasikilizwa jikoni, samaki wako kwenye mafuta, mtoto analia. Sauti ya mzee nzito na sauti ya mama nyembamba, hata kelele zikifunika nusu ya maneno utajua nani kasema nini. Weka wanaume watatu uone, watakuwa mtu mmoja anayejijibu mwenyewe.

La tatu ndilo lililoniuma. Alikuwa na binamu Nairobi anayejua vijana wa kuigiza, eti "wanajua sana kuongea Kipwani". Ninawajua. Kwao mtu wa Pwani ni mtu anayevuta kila neno kama anatoka usingizini, anaweka yakhe mwisho wa kila sentensi, na hawezi kuagiza chai bila wallahi. Wakisema "karibu, ami" kwa mwendo ule, silabi zangu tano zinakula sekunde mbili na nusu. Ukiacha dharau, hata muda hautoshi! Nilimpata mama mmoja wa Shela ambaye ana sauti ya kuita mtoto aliye upande wa pili wa uwanja, na mvuvi mstaafu ambaye hajawahi kuigiza ila kwa mkewe. Walirekodi kwenye chumba chenye magodoro ukutani, na "Lo!" ya yule mzee ilikuwa ya mtu aliyewahi kuharibikiwa kanzu kwelikweli.

Tulipomchezea mteja, alisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akauliza namba ya simu iko wapi. Nikamwambia duka liko nyuma ya soko, kila mtu Malindi anajua soko liko wapi, na hakuna anayeandika namba akiwa amebebwa kwenye bodaboda. Akainua vidole, akaanza kuhesabu silabi kama alivyoniona nikihesabu. Akasema tukitoa "Akasemaje" tutapata tano. Nikamweleza kwamba bila swali lile mama hana sababu ya kujibu, na bila jibu hakuna kichekesho. Akafikiri. Akasema basi tumtoe mzee.

Sasa amepata bei ya sekunde 15 ambayo ni nusu ya ile, na anataka mchezo huohuo, na mzee arudishwe, na namba zote mbili za simu. Nimemwambia posa itabidi ifanywe kwa simu, ili angalau tarakimu ziwe na kazi. Amesema ni wazo zuri, niandike.