Mama yangu hajaridhia: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Ziada

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUJIUNGA KWA MAMA YANGU NA VIDOKEZO VYA MAPENZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi huku Ngamiani, Tanga, ni wazima, isipokuwa salio.

Mama yangu ana miaka 71. Anatumia kitochi chenye redio na tochi, na simu hiyo ina kazi tatu tu: kumpigia dada yake aliyeko Pangani, kupokea simu zangu, na kumulika njia ya uani usiku. Kurani anaisoma vizuri sana, lakini herufi za kwenye kioo kile humchosha macho, kwa hiyo meseji anasubiri mpaka apite mjukuu. Mwezi uliopita mjukuu alipita, akasoma kwa sauti mbele ya wageni: jinsi ya kumfanya mumeo asikuchoke. Baba tulimzika mwaka 2009.

Tuyaache ya aibu, tuje kwenye hesabu, maana najua ofisi yako inapenda hesabu. Jumamosi saa nne asubuhi Mama aliweka vocha ya shilingi 1,000 ili anunue kifurushi cha shilingi 1,000. Kabla hajakinunua, salio lilikuwa 751. Kidokezo cha mapenzi shilingi 99, matokeo ya mpira wa Ulaya shilingi 150. Kifurushi kikamkataa kwa sababu salio halitoshi. Jumapili zikabaki 502, Jumatatu 253, Jumanne 4. Katika siku hizo nne hakupiga simu hata moja. Kwa mwendo huo mnachukua shilingi 7,470 kwa mwezi kutoka kwa mtu ambaye hajui mpira unachezwa na watu wangapi.

Nilishangaa kwa nini makato yanaanguka dakika ileile vocha inapoingia. Kumbe mtambo wenu hauchoki. Salio likiwa sifuri unabisha hodi, ukikosa unarudi baadaye, ukikosa unarudi tena, mpaka siku mwenye simu atakapookota buku. Kuna huduma ambazo zikikosa bei kamili hukubali hata nusu au robo yake, mradi zisiondoke mikono mitupu. Mdai wa dukani hana subira ya namna hiyo.

Na hapa, Ndugu Mkurugenzi, naomba radhi, heshima itanitoka kidogo. Kwa miezi mitatu Mama aliamini anaibiwa na kijana wa vocha pale kona. Alimwambia mbele za watu kuwa anauza vocha zilizokwisha kukwanguliwa. Kijana akaapa, akalia, na Mama akahamia kununua mtaa wa pili, anavuka barabara ya daladala na magoti yale. Nyie mlikuwa mnajua. Kila shilingi iliyotoka ina saa na dakika yake kwenye kumbukumbu zenu, na hamkumwambia. Mlimwachia ajuze amchukie mtoto wa watu asiye na hatia kwa shilingi 249 kwa siku.

Nimetulia. Tuendelee.

Nilipopiga 100 nikaambiwa kwa sauti tamu kuwa mteja alijiunga mwenyewe, kwa hiari yake, saa nane na dakika arobaini na saba usiku. Nikamuuliza Mama. Akakumbuka: aliamka kwenda uani, simu ikawaka yenyewe, maandishi yakajaa kioo, chini pakaandikwa OK. Alitaka tochi. Akabonyeza OK ili maandishi yaondoke, kwa sababu ndivyo kila kitu kinavyoondoka kwenye simu ile. Hiyo ndiyo hiari yake. Yale maandishi si meseji iliyoingia kwenye sanduku lake. Ni dirisha linalorushwa na laini yenyewe, na ukishalijibu halibaki popote ulisome asubuhi.

Sisi wenye simu janja tusijione wajanja. Mtu anafungua ukurasa kuangalia picha ya harusi, anagusa alama ya kucheza video, kumbe chini ya alama ile kulikuwa na kitufe cha kujiunga. Namba yake hakuiandika, waliipataje? Akiwa kwenye data, mtandao unaweza kuipachika namba yake kwenye ombi linalokwenda kwa mwenye ukurasa. Akiwa kwenye waifai njia hiyo haipo, ndiyo maana ukurasa uleule utamwomba aandike namba. Na akishajiunga, kufuta programu hakumwokoi, kubadili simu hakumwokoi, kwani deni limeandikwa kwenye namba. Shemeji yangu alinunua laini mpya akaikuta tayari ina huduma za mwenyewe wa zamani, kama nyumba ya kupanga yenye kunguni.

Sasa ombi langu kuu, na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Kwa kuwa mnasisitiza kwamba haya ni makubaliano ya hiari, ya kudumu, yanayojirudia kila siku mpaka mmoja atamke kuachana, naona hii ni ndoa. Basi tuifuate kama ndoa. Tuleteeni mshenga. Awe mtu mzima, kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua, aje alasiri tukiwa barazani, si saa nane usiku Mama akitafuta tochi. Aje na barua ya posa ndani ya bahasha, imefungwa kwenye leso, na ndani kuna kitu kidogo cha kufungulia mlango. Tutakipokea hata kikiwa shilingi 249. Tutampa kahawa na kashata. Atasema ametumwa na nani, maana hilo ndilo hatujawahi kulijua: nyie mnasema huduma si yenu, ni ya mtoa huduma wa nje, mtoa huduma anasema anapitia kwa wakala anayekusanya, wakala hana hata kibao mlangoni. Mshenga atutajie ukoo wote, na nani anachukua ngapi katika zile 99.

Kisha ataje bei kwa siku, kwa mdomo, si kwa maandishi madogo chini ya picha. Na aeleze mapema talaka inatamkwaje. Mjomba atamjibu kuwa tumesikia, tupeni muda. Tutakaa wiki. Tutauliza huko kwenu kama mna tabia nzuri. Tukikubali, siku yenyewe shehe ataingia ndani amuulize Mama mwenyewe kama ameridhia, na kunyamaza kwake, kulala kwake au kubonyeza kwake OK gizani kusihesabiwe. Akisema ndiyo mbele ya mashahidi wawili, hapo kateni.

Usidhani nakuchezea shere. India waliliona hili. Mwaka 2013 msimamizi wao wa mawasiliano, TRAI, aliagiza mteja aulizwe mara ya pili na athibitishe kabla hajakatwa senti, na wakaweka namba moja ya bure, 155223, ya kujitoa huduma yoyote ya mtandao wowote. Nigeria mtu asiyetaka meseji za matangazo anatuma STOP kwenda 2442. Huko hakuna aliyevaa kanzu, lakini shehe ameingia ndani.

Maombi madogo: neno Hongera liondolewe kwenye meseji ya kukatwa. Muziki wa kusubiri pale 100 mbadilishe, nimeanza kuuimba bafuni. Na matokeo ya mpira, kama lazima, yaje baada ya mechi.

Kuhusu talaka, acha nikueleze tulivyohangaika, ili na wasomaji wengine wa barua hii wasianze sifuri. Nilijibu STOP. Meseji haikwenda, kwa sababu aliyetuma alijitokeza kwa jina badala ya namba, na jina halijibiki. Namba fupi yenyewe ilikuwa kwenye meseji ya kwanza ya kukaribishwa, ambayo kitochi kilishaifuta kupisha nyingine. Kwa huduma ya mpira niliipata, nikatuma STOP, nikajibiwa kuwa neno si sahihi: kila huduma ina neno lake, na STOP tupu wakati mwingine haijui imwache nani. Ya mpira ilitoka nilipotuma neno la kuondoka pamoja na jina la huduma, kama lilivyoandikwa kwao. Ya mapenzi ilibaki. Mapenzi ndivyo yalivyo.

Kilichosaidia ni kurudi 100 na kutozungumzia huduma moja. Nilimwomba binti yule anisomee huduma zote za kulipia zilizo hai kwenye namba ya Mama. Zilikuwa tatu, ya tatu ilikuwa nyota za wiki, ilikuwa bado inabisha hodi. Nikaomba azitoe zote, kisha aifunge laini isijiunge tena na huduma za watoa huduma wa nje, kwani kutoa bila kufunga ni kufagia upepo ukivuma. Nikaomba na namba ya malalamiko, nikaiandika nyuma ya kalenda pamoja na tarehe, kwa sababu TCRA watauliza kwanza kama nilianza kwenu, na bila namba hiyo mtasema hamnijui.

Sikukuamini, Ndugu Mkurugenzi, samahani. Niliweka shilingi 500, nikabonyeza `*102#`, nikalala. Asubuhi nikabonyeza tena: 500. Nikaiacha usiku wa pili. 500. Hapo ndipo nilipojua imetoka kweli. Tangu hapo kifurushi cha Mama nakinunua moja kwa moja kwa pesa ya simu, hakipiti kwenye salio, maana makato yenu yalikuwa yanavizia salio. Najua hilo halimtoi mtu kwenye huduma. Linawanyima tu pa kukata. Na mjukuu amemfundisha bibi yake kubonyeza kitufe chekundu kila dirisha linapojirusha.

Jirani yangu aliposikia habari hizi alianza kujibu STOP kwa kila meseji, hata zile za mtu mwenye namba kamili ya simu anayesema pesa itume kwenye namba hii. Huyo si mtoa huduma, ni tapeli; ukimjibu anajua tu kuwa uko hai. Nilimwambia azipeleke 15040. Lakini huwezi kumlaumu mzee wa watu. Kwenye kioo chake nyie na tapeli mnafanana, tofauti ni kwamba tapeli huomba kwanza.

Fedha za miezi mitatu nimeshazidai kwa maandishi, shilingi 249 mara siku mlizomkata; mna kumbukumbu, hesabuni wenyewe. Zikirudi, sehemu atapewa kijana wa kona. Mama alikwenda kumwomba radhi Ijumaa iliyopita, na siku ile alinunua vocha ambayo hakuihitaji.

Anakusalimu. Anauliza pia kidokezo cha Jumanne kilisemaje, kwa sababu alikilipia na mjukuu hakupita.

Wako katika salio,

Mtoto wa Mama
Ngamiani, Tanga